Mnaanza A upya kila ubeti kwa nini? Mpwa wangu amenyimwa alama 3!

Shangazi wa Kondele (ameanzisha uzi)

Nina hasira tangu Ijumaa, na leo lazima niseme. Mpwa wangu yuko kidato cha nne katika shule moja hapa Kisumu ambayo sitaitaja. Kwenye mtihani wa mwigo walipewa shairi wasilolijua, beti 7, wakaulizwa mpangilio wa vina, alama 4. Kijana akalisoma kwa sauti ya chini, akasikiliza kila mwisho wa mshororo, akauwekea herufi. Amepata 1 kati ya 4. Kalamu nyekundu imeandika: "Anza na A kila ubeti."

Kwa nini? Nani alitunga sheria hiyo? Shairi la mtihani silibandiki hapa, lakini nimetunga langu lenye umbo kama lile ili muone wenyewe kilichoibiwa:

Mawimbi yamechafuka
Na nyavu zimekatika
Samaki wameondoka
Twarejea ufukweni

Watoto wataka kula
Usiku hawatalala
Mfukoni sina hela
Nitasema nini ndani

Pepo zinatutingisha
Mashua zatuyumbisha
Na bei zatunyanyasa
Nani atatuauni

Anza juu. "Chafuka" inaishia -ka, hiyo ni a. "Katika" ni -ka, a tena. "Ondoka", a. "Ufukweni" inaleta -ni, sauti mpya, kwa hivyo b. Ubeti wa pili: "kula" inaishia -la. Je, -la imeshapita? Haijapita. Basi inapata c, na "hawatalala" na "hela" zinaifuata. Halafu inakuja "ndani". Hapo ndipo unarudi juu kutazama: -ni ilishapita, ni b ileile. Kwa hivyo tuna a a a b, kisha c c c b. Macho yako yenyewe yanaona b inarudi mahali palepale huku kila kitu kingine kikibadilika. Mvuvi anazungumzia ziwa, njaa, bei, lakini kila ubeti unatua kwenye -ni. Hiyo ndiyo kamba inayoshika utenzi mzima.

Sasa fanya kama alivyotaka msahihishaji. Ubeti wa kwanza a a a b, wa pili a a a b. Herufi moja inabeba -ka hapa na -la pale! Anayesoma jibu hilo atadhani vina ni vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, ataandika "mtiririko", na atakuwa amekosea kabisa. Na ile b iliyorudi kweli haitofautiki tena na a ya uongo. Mmempa mtoto kifaa, kisha mmemkatazia kukitumia.

Fundi wa Nakuru

Pole shangazi, lakini mimi nasikia tofauti. -ka, -la, -sha, zote zinaishia kwa a. Ukiimba unasikia a, a, a, halafu i. Kwa hivyo beti zote ni a a a b na mwalimu yuko sawa, ni vile tu hakueleza.

Shangazi wa Kondele

Ndugu yangu, sauti hiyo ya a unaisikia kweli, sikukatalii. Lakini kina cha Kiswahili ni silabi nzima, konsonanti na vokali yake. Ukichukua vokali peke yake, "taka" itakuwa na kina kimoja na "mama" na "baba" na "chapa". Kuna vokali 5 tu. Shairi lolote litaonekana lina vina hata kama mtunzi hakuhangaika.

Mama wa Njoro

Mimi binti yangu yuko kidato cha tatu. Kwenye somo la Kiingereza walifundishwa soneti ya Shakespeare, mishororo 14, na herufi zilienda moja kwa moja: abab cdcd efef gg. Hakuna aliyerudi kwa a. Mwalimu akawaonyesha kwamba ile gg ya mwisho ni sauti mpya, ndipo unajua shairi limegeuka na linafunga. Mchana huohuo, somo la Kiswahili, anaambiwa aanze a kila ubeti. Mtoto ni mmoja na kichwa ni kimoja! Amekuja nyumbani akaniuliza afuate nani, nikakosa jibu.

Kijana wa Mamboleo

Samahani, mnatumia herufi kubwa au ndogo? Sisi tuliambiwa kubwa.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Mwanangu, yoyote, mradi usichanganye.

Shangazi, kuhusu herufi una haki. Herufi moja, sauti moja, shairi zima. Lakini usimmalize msahihishaji bado. Sisi tuliosomea ushairi zamani hatukuandika herufi, tuliandika silabi zenyewe: ka ka ka ni, la la la ni. Kwa njia hiyo unaweza kuanza upya kila ubeti bila kupoteza kitu, maana -ni inajitaja yenyewe. Nadhani mtu alichukua utaratibu huo akaubadilishia herufi bila kufikiri. Na herufi zina kikomo: kwa umbo la utenzi wako, ubeti wa 25 unamaliza z. Tenzi nyingi ni ndefu mara nyingi zaidi ya hapo.

Jambo la pili. -ni ni rahisi sana kupata. Weka -ni ya mahali kwenye nomino karibu yoyote, umepata kina. Kwa hivyo -ni mbili zikikutana si ushahidi wa kitu. Mpwa wako alizifuata hadi ubeti wa 7?

Shangazi wa Kondele

Hadi wa 7, Mwalimu. Haikukosa hata mara moja.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Basi hapo ni mpango wa mtunzi. Na ule ubeti wako wa tatu?

Fundi wa Nakuru

Huo nimeuona. d d d b.

Shangazi wa Kondele

Hapana, ni d d e b. "Tingisha" na "yumbisha" ni -sha, "nyanyasa" ni -sa. Niliiweka makusudi kwa sababu sisi wa huku ziwani wengi tunatamka sh kama s, na mtoto akiweka herufi kwa masikio ya nyumbani ataandika d tatu. Asikilize kwanza, kisha athibitishe kwa macho. Tahajia ya Kiswahili haidanganyi.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Hudanganya kidogo, mama. Mtunzi wa Mombasa akisema "kuata", mhariri akamsahihishia "kuacha", ubeti wote wa -ta unavunjika kwenye karatasi ingawa kinywani ulikuwa mzima. Ukiona herufi moja imeasi katikati ya utaratibu safi, shuku chapa na lahaja kabla ya kumshuku mtunzi. Ikiwa vyote viko sawa, ndipo uulize kwa nini aliachia hapo.

Shangazi wa Kondele

Hilo sikulijua. Asante sana Mwalimu. Jumatatu naenda shuleni na karatasi yake. Ila niambie, ile b inayorudi niiite nini mbele yao? Mpwa wangu aliandika "ukara".

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Mimi ningempa alama. Kina kimoja kinatiririka, vingine vinabadilika.

Mama wa Njoro

Kwenye daftari la binti yangu ukara ni wa ukwapi na utao, kipande kimoja kikitiririka na kingine kikibadilika. Utenzi hauna vipande viwili kwenye mshororo. Wakimkatalia kwa hilo?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega

Wanaweza. Hata sisi walimu tumelibishania tangu zamani. Mwambie aandike kwamba kina cha mshororo wa nne ni kimoja katika beti zote 7, cha mitatu ya kwanza hubadilika kila ubeti, na aonyeshe silabi zake. Jina walijadili wao.