Naomba ushauri: saa za randa zimebana, nitangulize milango au fremu?

Habari zenu wakuu. Nina karakana ya useremala hapa Moshi, na randa yangu moja inafanya kazi saa 40 tu kwa wiki. Kila Ijumaa mbao zinarundikana mbele yake huku mafundi wakisubiri.

Mlango, nikitoa mbao, gundi na msasa, unaniachia 90,000 lakini unakula saa 3 za randa. Fremu ya dirisha inaniachia 50,000 kwa saa 1. Kwa hiyo kila saa ya randa mlango unalipa 30,000, fremu 50,000. Mishahara sijaitoa, maana ni ileile nikitengeneza chochote.

Oda za wiki ni milango 12 na fremu 16. Nilizoea kumaliza milango kwanza, zinabaki saa za fremu 4: jumla 1,280,000. Nikianza na fremu zote, napata milango 8: jumla 1,520,000. Wiki iliyopita nilijaribu hivyo, mteja wangu mkubwa wa milango akanuna.

Jirani anakodisha randa yake kwa 20,000 kwa saa. Je, nikodi saa 12 kwa ile milango 4 iliyobaki? Na muda wa kubadilisha visu niuhesabu kwa bidhaa ipi?