Mrejesho: mizigo ya boti ya Ukerewe na ile x3 = 0.6

Niliuliza: "Boti ya Mwanza–Ukerewe inabeba tani 14, mizigo minne ni tani 6, 5, 5, 4, faida laki 12, 9, 8, 5. Kila x ni 1 mzigo ukipakiwa, 0 ukiachwa; nikilegeza hiyo 0/1 iruhusu sehemu ya mzigo napata x3 = 0.6, nifanyeje?"

Wakuu asanteni sana. Ushauri wa kwanza nimeufuata, mitatu ya mwanzo ni tani 16 haiingii pamoja, basi nikaweka:

```
x1 + x2 + x3 <= 2
```

0.6 ikakatika kweli ila kipande kikahamia x4 = 0.75, faida ya juu ikashuka toka 25.8 hadi 24.75 tu. Kilichomaliza kazi ni ule wa kuinua namba ya x1, maana ukipakia wa tani 6 zinabaki 8 unaingia mmoja tu:

```
2x1 + x2 + x3 + x4 <= 3
```

Zote mbili zikikaa pamoja jibu linatoka zima, 22, na mzigo mkubwa ndo unaachwa.