Gauni la kitenge: mbele linavuta, mgongoni linabaki. Mafundi wa Tanga naomba ushauri

BintiWaNgamiani
Salaam wadau. Nashona magauni ya vitenge hapa Ngamiani na wateja wangu wengi ni kina mama wenye miili. Nina mmoja kifua chake inchi 48, kiuno 42, hipsi 52. Nimetumia karatasi ya kukatia ya kifua 48, gauni la kujaribishia likatoka hivi: mabega yanamdondoka, shingo inaachia, mgongoni kuna kitambaa cha kushika mkononi, lakini kifuani panavuta na mikunjo inakimbilia kwapani. Pindo la mbele nalo limepanda. Inchi 48 zimeenda wapi?

La pili, nauza pia ya tayari kwa simu. Huwa naandika "linapunguza mwili, linaficha tumbo", kama wenzangu. Wateja wa Muheza na Korogwe wanarudisha wakisema halikuwakaa. Niandikeje?

Kassim_Chumbageni
Dada, usihangaike na kitenge. Chukua kitambaa cha kuvutika, kata pungufu ya mwili, kinajitengeneza chenyewe. Mimi jezi na leginzi zote nashona hivyo, sijawahi kurudishiwa.

MamaTwalibu
Mwanangu, mazoezi ya asubuhi Raskazone na kupunguza wali usiku. Mimi vilinisaidia.

BintiWaNgamiani
Shikamoo mama. Ahsante, lakini mwili wenyewe hauna tatizo. Nauliza gauni.

FundiSaida
Binti, inchi 48 zako zipo, ila zimekaa pasipo mwili. Karatasi ya 48 imemkuzia mteja kila mahali: mabega, shingo, mgongo. Yeye amejaa mbele tu. Mpime tena, zungusha futi juu ya matiti, ipite chini kabisa ya kwapa. Umepata ngapi?

BintiWaNgamiani
Nimempigia akaja. Juu ni 42.

FundiSaida
Basi jibu limeshatoka. Mabega na mgongo wake ni vya mtu wa 42 juu. Karatasi nyingi za kununua huchorwa kwa mwanamke ambaye kifua kinazidi juu kwa kama inchi 2, kwa hiyo yeye anza na karatasi ya kifua 44. Hapo shingo na mabega vitakaa. Zinabaki inchi 4 na zote ziende mbele. Karatasi ya mbele ni nusu, kwa hiyo unaiongezea inchi 2.

Chora mstari kutoka ncha ya titi wima hadi pindoni. Kutoka nchani hapohapo panda hadi kwapani, theluthi ya chini ya kwapa. Kata kuanzia pindoni, pita nchani, panda hadi kwapani, ila ukingoni pa kwapa acha karatasi ishikane kidogo. Kisha kata kutoka ubavuni kuja nchani, nako acha pashikane. Sasa fungua mpaka uwazi hapo nchani uwe inchi 2, na kingo mbili za chini ziende sambamba. Ubavuni karatasi itafunguka yenyewe. Hiyo ndiyo dati yako. Utaona upande wa katikati ya mbele umebaki mfupi kuliko wa ubavuni. Ukate kimlalo, kipande cha chini ukishushe mpaka pindo zilingane. Urefu huo ndio uliokosekana pindo likapanda: kitambaa kina mlima wa kupita kabla ya kushuka.

Kiuno kitakuwa kimeongezeka pia. Kama hakuhitaji, kitoe kwa dati ya kiunoni.

BintiWaNgamiani
Dati ya ubavuni imekuwa nene sana. Nikiishona inatoa pembe.

FundiSaida
Lazima itoe ikiwa umeifikisha nchani. Ishie inchi 1 na nusu au 2 kabla, na tundu 3 za mwisho zishone karibu na ukingo kabisa, sambamba na mkunjo. Pasi yake piga juu ya taulo lililoviringishwa, usiilaze mezani. Ikiwa bado nene, igawe mbili, au hamishia yote kwenye mshono wa prinsesi unaotoka kwapani. Mimi kwa kifua kinachozidi juu kwa inchi 6 napenda prinsesi, kwa sababu kila kipande unakipunguza au kukiachia peke yake mteja akiwa amevaa.

Kassim_Chumbageni
Ndiyo maana nasema kitambaa cha kuvutika. Dati zote hizo hazihitajiki.

FundiSaida
Kaka Kassim, kwa leginzi uko sahihi. Ila kivute kwanza ukijue. Kunja, pima inchi 4, vuta bila kukitesa. Kikifika 5 kinavutika robo. Kiachie uone kama kinarudi 4. Kisiporudi, magotini na makalioni kitabaki kimetuna. Na hata kinachorudi, kikivutwa kifuani kinapanda pindoni vilevile, na maua hapo yanapauka kwa kuwa rangi imetanuliwa. Kwa mwenye kifua kikubwa mbele bado huongezewa urefu. Kitenge chenyewe ni pamba iliyofumwa, hakivutiki kwa urefu wala upana, kinalegea ukikikata mshazari tu.

AbuuPangani
Naomba kudandia. Mimi mwanamume, nina tumbo. Kanzu zangu zote mbele ziko juu, nyuma zinafagia. Fundi kila mara ananiongezea upana.

FundiSaida
Kaka Abuu, ni jambo lilelile, mlima umeshuka tumboni tu. Upana hauongezi urefu. Mwambie akupime mbele kutoka begani, futi ipite juu ya tumbo hadi kifundo, halafu nyuma vivyo hivyo, akate mbele kwa kipimo chake. Binti, nawe mshono wa ubavuni upime hivi: funga kitu kizito kwenye uzi, uning'inize kutoka kwapani. Mshono ukienda mbele ya uzi chini ya kifua, mbele hapatoshi.

Na hipsi zipime amekaa. 52 ya kusimama huongezeka akiketi, na wateja wetu hukaa mkekani shughulini.

BintiWaNgamiani
Nimekata upya. Mabega yametulia na pindo liko sawa pande zote. Sasa tangazo?

FundiSaida
"Linapunguza" haimwambii mtu wa Korogwe kama atavuta zipu. Pima gauni lenyewe, siyo mwili, useme mishono inapita wapi na kitambaa kinaangukaje. Mfano:

"Gauni la kitenge, pamba, halivutiki. Kifua cha gauni inchi 51, linamfaa mwenye 47 hadi 48. Hipsi za gauni 56. Mshono wa prinsesi kutoka kwapani, mbele ni refu kidogo kwa ajili ya kifua. Kuanzia kiunoni linaachia, halishiki tumbo, kitambaa kinasimama kidogo. Zipu mgongoni. Ubavuni kuna akiba ya inchi 1 kila upande."

Zuhura_Makorora
Mimi ni mnunuzi, ningenunua kwa maneno hayo. Saizi ya mkono mbona hukuweka? Gauni nyingi zinanikaa mwilini, zinanibana juu ya kiwiko.

FundiSaida
Kweli, liongezwe: mzunguko wa mkono wa gauni. Kitenge kinataka kama inchi 2 zaidi ya mkono wenyewe.

BintiWaNgamiani
Ahsanteni. Limebaki moja: hiki kitenge kina maua makubwa, na prinsesi inalikata ua katikati ya kifua. Dati ya ubavuni inaliacha zima, ila ndiyo hiyo nene.

FundiSaida
Hapo hata mafundi wakongwe tunabishana. Mimi ningegawa dati mbili na kuliacha ua zima.

Zuhura_Makorora
Mimi ningependa prinsesi, ua nisilione.