Apu inasema hekta 0.42, muuzaji anasema ekari moja na robo, nishike lipi?

Nyundo7: Wakuu, nimezunguka kiwanja na apu ya simu ikaleta hekta 0.42. Nikiigeuza isome ekari inasema 1.03, nikipiga mwenyewe 0.42 mara 2.47 napata 1.04, muuzaji naye kakomaa na ekari moja na robo. Nani muongo hapa? Nataka kulipa wiki hii.

Mama Mahindi: Umetembea au umeweka nukta kwenye picha ya satelaiti? Kona ngapi? Miti ipo? Mnaletaga maswali nusunusu jamani.

Nyundo7: Samahani dada. Kwa mguu, kona nne, peupe kabisa. Mita za mraba inasoma 4,187.

Mzee wa Tepu: Apu tupa huko. Ekari ni 70 kwa 70, chukua tepu ukapime, kwisha.

Kigingi: Mzee wangu, hiyo 70 kwa 70 ni ya hatua. Ukiweka mita unapata 4,900 wakati ekari ni kama 4,047. Nyundo, apu haijadanganya, 4,187 ukigawa kwa 10,000 ni 0.4187, yenyewe ikaandika 0.42, na kwenye hekta hiyo 0.01 ni mita za mraba 100 nzima. Ndo maana siku zote soma mita za mraba kwanza halafu ugawe kwa 4,047. Ila robo ekari ni zaidi ya mita 1,000, hiyo haipotei kwenye desimali.

Chausiku: Mimi nililizwa na neno heka. Nikaambiwa heka mbili, nikajua hekta mbili maana mimi darasani nilisoma hekta, nikashukuru Mungu kwa bei, nikapanga na miche kabisa, kufika kupima kumbe jamaa heka yake ni ekari, yaani nimepata mita 8,000 na kitu badala ya 20,000. Na mashahidi wote wakasema heka ni ekari, kila mtu anajua!! Kila mtu ila mimi.

Mama Mahindi: Pole, lakini heka ni ekari kweli 😅

Chausiku: Kwa nani? Kwetu hatusemi hivyo.

Kigingi: Nyundo, muuzaji alipimaje?

Nyundo7: Karatasi yake imeandikwa 70 x 72 tu.

Kigingi: Basi ndo hapo. 70 mara 72 ukiziita mita ni 5,040, ndiyo ekari moja na robo yake. Kama zilikuwa hatua za sentimita 91 hivi, inakuja kama 4,170, karibu sawa na apu yako. Bado nakisia lakini. Simu nayo inakosea, mzunguko wako ni kama mita 260, ukipita mita moja na nusu nje ya mpaka pande zote umeongeza karibu mita za mraba 400.

Mzee wa Tepu: Si nilisema tepu?

Mama Mahindi: Tepu bila kupima na ulalo kona kwa kona ni bure, kiwanja kikiwa kimepinda hujui.

Mzee wa Tepu: Nimepima miaka 30 bila ulalo.

Nyundo7: Nimempigia, anasema alihesabu mtoto wake. Mtoto ana miaka 12.