Tupeane uzoefu: uliwahi kuficha ukurasa usionekane Google, ikawaje?

Fundi wa Kondele
Naanza mimi. Sacco moja hapa Kisumu ilinipa kazi ya tovuti. Wakataka kila mdaiwa sugu awe na ukurasa wake, na anwani ibebe jina lake: `/wadaiwa/` kisha majina mawili. Nikatengeneza. Jioni moja mzee mmoja akanipigia, sauti inamtetemeka. Binti yake alikuwa ameandika jina la babake Google, na cha kwanza kutokea kikawa deni lake, shilingi kwa shilingi.

Usiku huohuo nikaweka hii kwenye robots.txt, faili linalowaambia roboti wa Google wasifungue kurasa fulani:

```
User-agent: *
Disallow: /wadaiwa/
```

Nikamwambia mzee alale. Baada ya wiki kadhaa akapiga tena. Maelezo ya deni yalikuwa yametoka, lakini anwani bado ipo, jina lake limeandamana na neno "wadaiwa". Nikaongeza ndani ya kila ukurasa agizo hili la kuiambia Google isiuonyeshe:

```
<meta name="robots" content="noindex">
```

Mwezi ukapita. Hakuna kilichobadilika, na mzee akaacha kupokea simu zangu.

Mama Vifaranga, Nakuru
Pole sana kaka. Hilo la mzee limeniuma.

Kijana wa Bondeni
Ungeweka nosnippet tu. Hiyo ndiyo huficha ukurasa.

Mkongwe wa Seva
Hapana, kijana. nosnippet huondoa maneno yanayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo. Ukurasa wenyewe unabaki palepale. Kosa la Fundi ni lingine, na nimelikuta kwa wengi: alifunga mlango kisha akaandika agizo ndani ya nyumba. Disallow inamzuia roboti kuufungua ukurasa. Asipoufungua, hiyo noindex ataisomea wapi? Anwani anaijua kupitia viungo vya kurasa nyingine, kwa hiyo anaendelea kuionyesha bila maelezo. Ondoa Disallow, acha noindex, ngoja roboti arudi.

Fundi wa Kondele
Ndivyo nilivyoambiwa na rafiki, nikafanya hivyo. Nikaomba pia uondoaji wa haraka ndani ya Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti. Ule huficha kwa muda wa kama miezi 6 tu, lakini ulinipa nafasi. Nilipokagua anwani ya mzee tena, Search Console ikasema "Excluded by 'noindex' tag". Nikampelekea mzee simu yangu aione kwa macho yake.

Dada wa Mumias
Samahani, kwa nini hamkufuta kurasa zenyewe? Deni la mtu linawekwaje hadharani?

Fundi wa Kondele
Wakubwa walitaka wanachama waendelee kuzisoma.

Dada wa Mumias
Basi mziweke nyuma ya nenosiri! Mwenye kiungo bado anaufungua ukurasa wa noindex kama kawaida. Mmeuficha Google, hamkuuficha kijijini.

Fundi wa Kondele
Kweli dada. Nenosiri liliwekwa baadaye, baada ya kuvutana sana kwenye mkutano.

Mwalimu Mstaafu
Na sisi tulio na PDF? Matokeo ya wanafunzi yapo kwenye PDF, na hiyo meta siwezi kuichomeka humo.

Mkongwe wa Seva
Mwalimu, kwa PDF agizo linatoka kwenye seva pamoja na faili. Kama ni Apache yenye mod_headers:

```
<Files "matokeo.pdf">
Header set X-Robots-Tag "noindex"
</Files>
```

Hakikisha kwa `curl -I` ukitaja anwani ya faili. Usipouona mstari wa X-Robots-Tag kwenye jibu, haijashika. Lakini majina ya watoto, mimi ningeweka nenosiri.

Mama Vifaranga, Nakuru
Langu ni la bei. Google ilikuwa inaonyesha bei ya zamani ya vifaranga chini ya jina la duka langu, wateja wanafika wakinigombeza. Kijana akaniwekea nosnippet ukurasa mzima. Bei ikatoka, lakini na maneno yote yakatoka, jina likabaki tupu, simu zikapungua. Mwingine akaja akazungushia bei peke yake:

```
<span data-nosnippet>Sh 110</span>
```

Sasa maelezo ya chanjo na usafirishaji yanasomeka, bei wanaipata wakiingia.

Kijana wa Bondeni
Hiyo sikuijua. Asante mama.

Mpita Njia
Kuna mtu ameweka picha yangu kwenye tovuti yake. Niandike noindex wapi?

Mkongwe wa Seva
Huwezi, tovuti si yako. Mwandikie mwenyewe aiondoe kwanza.

Seremala wa Kakamega
Mimi nilisahau kutoa tiki ya "Discourage search engines from indexing this site" kwenye WordPress siku ya kufungua tovuti. Miezi minne hakuna aliyenipata.

Dada wa Mumias
Nina swali. Tuliweka tangazo la mazishi ya mama, lenye namba ya mweka hazina wa michango. Tumeshazika. Kaka yangu anataka ukurasa mzima uwe noindex, mimi nataka wajukuu wakitafuta jina la nyanya yao wampate.

Mama Vifaranga, Nakuru
Toa namba, mwache mama aonekane.

Fundi wa Kondele
Mimi niko upande wa kaka yako. Nimeona jina la mtu likikaa pale.