Mrejesho: umeme na mtandao ofisini Kirumba

Niliuliza: "Ofisi ya watu watatu Mwanza, umeme unakatika kila mara na mtandao unaondoka nao. UPS yetu haifiki dakika 10. Tuanzie wapi?"

Wakuu, asanteni sana. Jumamosi tulizima meni swichi makusudi tukapima. Kompyuta mbili za mezani na ruta zilimaliza UPS kwa dakika 9. Tukaziondoa kompyuta, tukaacha ruta na kile kiboksi cha faiba tu: saa 2 na dakika 40! Betri ya UPS ni volti 12, Ah 7, yaani Wh 84, na vifaa hivyo viwili vinakula wati 15 hivi, yaani Wh 40 kwa muda huo. Sehemu ya kinachobaki UPS yenyewe inakula. Kompyuta sasa ni za mpakato.

Ila Jumanne umeme ulikatika, ruta inawaka, mtandao hakuna. Taa ya LOS kwenye kiboksi ilikuwa nyekundu: mwanga wa faiba haufiki, hivyo tatizo liko nje na betri zetu haziwezi kulitibu. Dada wa mapokezi aliwasha hotspoti ya simu yenye laini ya kampuni nyingine, ankara zikatoka. Simu hiyo sasa inalala na chaji.