Naomba ushauri: wanunuzi hawapo au wauzaji wameisha?

Wakuu, habari zenu. Nimekwama kwenye chati ya siku ya hisa moja. Baada ya kushuka wiki kadhaa, ulitokea mshumaa mwekundu mrefu, voliumu karibu mara 3 ya wastani wa siku 20, lakini ukafunga katikati ya urefu wake na kuacha mkia chini. Kesho yake voliumu ilibaki juu na bei haikushuka zaidi: nguvu nyingi, matokeo kiduchu. Nikasema hiki ni kilele cha mauzo.

Sasa bei inapanda kwa mishumaa mifupi, na voliumu ya jana ni ndogo kuliko ya siku 2 zilizotangulia. Nimecheki chati ya wiki, haijanisaidia.

Je, huo ni ukosefu wa wanunuzi, au wauzaji ndio wameisha? Na mnasubiri bei irudi kupima ule mkia wa chini kwa voliumu ndogo ndipo muingie?